Kitambulisho na selfi ulizotuma kuthibitisha akaunti: namna ya kuhakikisha zimefutwa

Kubonyeza Delete account hakufuti picha ya kitambulisho chako. Kinachoondoka mara nyingi ni ukurasa wako, jina lako la mtumiaji na uwezo wako wa kuingia. Picha za kitambulisho, mbele na nyuma, pamoja na ile selfi uliyopiga ukigeuza uso kushoto na kulia, hukaa kwenye hifadhi nyingine, na aghalabu mikononi mwa kampuni nyingine ambayo hujawahi kuisikia. Ili ziondoke inabidi uziombe kwa jina, moja moja, na umwombe anayepaswa kuulizwa.

Nitaandika nikitumia sheria ya Kenya, yaani Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kwa sababu pamoja na kanuni zake inataja muda wa kujibu kwa siku na ina ofisi inayopokea malalamiko. Na nitafuata mfano mmoja tangu mwanzo: kijana wa Kisauni, Mombasa, aliyejiandikisha kwenye tovuti ya ng'ambo inayotoa kazi ndogondogo za mtandaoni. Akapakia kitambulisho, akapiga selfi, akathibitishwa, kisha kazi hazikuja. Hakuwahi kulipwa hata shilingi. Sasa anataka kuondoka, na anataka uso wake uondoke naye.

Usifunge akaunti kwanza

Akaunti iliyo wazi ndiyo ushahidi wako kwamba wewe ndiwe wewe. Ukiandika barua ukiwa bado unaweza kuingia, kampuni inakutambua kwa barua pepe uliyojisajilia na kwa ujumbe unaoutuma kutoka ndani ya akaunti. Ukiifunga kwanza, watakuambia hawawezi kukutambua, na dawa watakayokupa ni utume kitambulisho upya. Hapo utakuwa umeongeza nakala badala ya kupunguza.

Kwa hiyo iache wazi mpaka upate jibu la mwisho. Wakati huohuo kusanya vitu vichache. Tafuta kwenye barua pepe zako maneno kama verification, verified au identity. Ndipo utakapopata tarehe uliyothibitishwa na, mara nyingi, jina la kampuni iliyofanya kazi yenyewe. Majina yanayojitokeza sana ni Smile ID, Veriff, Onfido, Jumio, Persona na Sumsub. Kama barua haisemi, fungua sera ya faragha ya tovuti utafute sehemu inayotaja wale wanaopewa data. Piga picha ya skrini ya ukurasa unaoonyesha kwamba umethibitishwa, na ya sera yenyewe pamoja na tarehe yake, maana sera hubadilishwa na ile uliyoikubali unaweza usiione tena.

Kijana wetu anapata barua pepe ya tarehe 6 Machi inayosema uthibitisho wake umekamilika. Chini kabisa kuna namba ndefu ya kikao, yaani ya ule uthibitisho wake mmoja, na jina la kampuni ya Ulaya. Hiyo namba ya kikao anainakili vizuri. Kampuni za uthibitisho kwa kawaida hupanga kumbukumbu zake kwa namba za vikao, na anayeandika bila namba hiyo hujibiwa kwamba hakuna kilichoonekana.

Kilichobaki ni nini, na kiko kwa nani

Watu huandika "futeni kitambulisho changu" na kampuni ikafuta faili moja la picha kwa moyo mweupe kabisa. Lakini uthibitisho mmoja huzaa vitu kadhaa. Kuna picha za kitambulisho. Kuna selfi, na mara nyingi si picha moja bali video fupi. Kuna maandishi yaliyosomwa na mashine kutoka kwenye kitambulisho: jina, namba, tarehe ya kuzaliwa, mahali ulipozaliwa. Na kuna kile ambacho wengi hawakijui, nacho ni kiolezo cha uso: orodha ya tarakimu zinazoeleza umbo la uso wako, ambayo mashine huitumia kulinganisha selfi na picha ya kitambulisho. Selfi inaweza kufutwa na kiolezo kikabaki. Kwa sheria ya Kenya data ya kibayometriki ni data nyeti, kwa hiyo kitaje kwa jina lake katika kila barua.

Upande wa pili ni mahali. Nakala ya kwanza iko kwa kampuni uliyojisajilia. Ya pili iko kwa kampuni ya uthibitisho. Ya tatu ndiyo inayosahaulika: dawati la huduma kwa wateja. Ukikumbuka kwamba uthibitisho ulikataa mara ya kwanza ukaambiwa utume picha kwa barua pepe au kwenye dirisha la gumzo, basi picha hiyo imekaa ndani ya mazungumzo hayo, nje ya mfumo wa uthibitisho kabisa.

Hili lilidhihirika Oktoba 2025, Discord ilipotangaza kwamba picha za vitambulisho vya serikali vya watumiaji wapatao 70,000 huenda zilionekana na wavamizi. Zilitoka kwa kampuni ya nje iliyohudumia wateja, na wengi wa waliohusika walikuwa wametuma vitambulisho kupinga uamuzi kuhusu umri wao. Basi mtu angeweza kuhakikishiwa kwa ukweli mtupu kwamba mfumo wa uthibitisho haukuguswa, na kitambulisho chake bado kikawa nje.

Kwa hiyo kijana wetu anapekua Sent yake, na kweli: Machi 5 alituma picha ya kitambulisho kwa huduma kwa wateja kwa sababu ya kwanza ilikuwa na mng'ao wa taa. Anaandika tarehe hiyo kando.

Je, wana haki ya kuibakiza?

Kabla hujaandika, jua uko upande gani, maana barua ni tofauti.

Upande mmoja ni benki, watoaji wa mikopo ya simu, huduma za kutuma pesa na wengine wanaobanwa na sheria ya kuzuia utakatishaji wa fedha. Kenya, kifungu cha 46 cha sheria hiyo ya mwaka 2009 kinawataka watunze kumbukumbu kwa muda usiopungua miaka 7 tangu muamala ukamilike au akaunti ifungwe. Nchi za Umoja wa Ulaya kipimo cha kawaida ni miaka 5 baada ya uhusiano na mteja kuisha. Hawa hawatafuta kitambulisho chako kesho hata ukilia, na si ukaidi wao. Ila sheria hiyo inazungumzia kumbukumbu za kumtambua mteja na miamala yake. Kiolezo cha uso na video ya kugeuza kichwa si lazima viingie humo, na hapo ndipo pa kubishana nao.

Upande wa pili ni huduma zisizobanwa hivyo: mitandao ya kijamii, programu za uchumba, tovuti za kupangisha nyumba, majukwaa mengi ya kazi. Kwao hoja ni rahisi. Kifungu cha 39 cha Sheria ya Ulinzi wa Data kinasema data ibakizwe kwa muda unaohitajika kwa lengo lililoikusanya, isipokuwa sheria nyingine inadai au inaruhusu zaidi. Lengo lilikuwa kujua kama wewe ni mtu halisi. Wamekwisha kujua. Kifungu cha 40 kinakupa haki ya kudai ifutwe bila kuchelewa data ambayo hawana tena ruhusa ya kuishikilia, isiyohusika, iliyozidi kiasi au iliyopatikana kinyume cha sheria.

Katikati kuna kundi la watu walioomba mkopo kwenye programu, wakathibitishwa, kisha wakakataliwa. Hawakupata mkopo, hakuna muamala. Kampuni nyingi huwajibu kwa kauli ileile ya miaka 7. Mimi nisingeikubali bila swali: hesabu yenyewe huanza muamala unapokamilika au akaunti inapofungwa, sasa yangu imeanza lini? Waandikie hivyo na uwaache waeleze.

Kijana wa Kisauni yuko upande wa pili. Tovuti ilimthibitisha, haikumlipa, haikuwa benki yake.

Barua ya kwanza: niorodhesheeni

Ushauri wangu ni barua mbili, si moja. Ukianza na "futeni", utajibiwa "tumefuta" na hutajua nini. Ukianza kwa kuomba orodha, jibu lao linakuwa kipimo cha barua ya pili. Kanuni za Kenya za mwaka 2021 zinawapa siku 7 kujibu ombi la kuona data yako, bila malipo. Walio chini ya sheria ya Umoja wa Ulaya wana mwezi mmoja, unaoweza kuongezwa miezi miwili ikiwa ombi ni gumu, mradi wakuarifu ndani ya ule wa kwanza.

Itume kwa anwani ya faragha iliyo kwenye sera yao, au kwa afisa wa ulinzi wa data kama wanamtaja. Itume kutoka kwenye barua pepe uliyojisajilia, kisha weka nakala kwenye dirisha la msaada ndani ya akaunti. Kama kampuni haisomi Kiswahili, itafsiri. Sentensi nimezifanya fupi kwa sababu hiyo.

> Mada: Ombi la kuona data yangu, akaunti (barua pepe yako)
>
> Mimi ni mwenye akaunti iliyosajiliwa kwa barua pepe hii. Nilithibitishwa tarehe 6 Machi. Namba ya kikao cha uthibitisho ni (namba).
>
> Naomba orodha ya data yote iliyotokana na uthibitisho huo: picha za kitambulisho, selfi na video, kiolezo cha uso, maandishi yaliyosomwa kwenye kitambulisho, na matokeo. Jumuisheni picha niliyotuma kwa huduma kwa wateja tarehe 5 Machi.
>
> Kwa kila kimoja niambieni: kiko kwenu au kwa kampuni gani nyingine, kiko nchi gani, mnakishikilia kwa msingi gani wa sheria, na kitafutwa tarehe gani.
>
> Niambieni pia kama chochote kati ya hivyo kimetumika kufundisha au kuboresha mifumo ya kutambua nyuso, yenu au ya mtu mwingine.
>
> Sihitaji mnitumie picha zenyewe. Orodha inatosha.

Sentensi ya mwisho ina kazi yake. Bila hiyo, baadhi watakutumia faili lililofungwa lenye kitambulisho chako ndani, nawe utakuwa na nakala mpya kwenye barua pepe.

Swali la kufundisha mifumo usiliondoe. Baadhi ya kampuni za uthibitisho huweka kwenye masharti yake ruhusa ya kutumia picha kuboresha bidhaa, na hiyo ndiyo sababu ya kawaida ya picha kubaki baada ya kazi yake kuisha.

Barua ya pili: futeni

Jibu likifika, andika barua ya pili ukifuata orodha yao. Kwa ombi la kufuta, kanuni za Kenya zinawapa siku 14. Kanuni hizo zina fomu yake kwenye jedwali la kwanza; unaweza kuijaza na kuambatisha, lakini kilicho muhimu ni maelezo yaliyomo.

Kijana wetu aliambiwa hivi: picha mbili za kitambulisho na selfi ziko kwa kampuni ya uthibitisho Ulaya, maandishi na matokeo yako kwenye tovuti yenyewe, mazungumzo ya huduma kwa wateja hutunzwa miaka 3. Kuhusu kiolezo cha uso hawakusema lolote. Barua yake ikawa hivi:

> Mada: Ombi la kufuta data, akaunti (barua pepe yako)
>
> Narejelea jibu lenu la tarehe (tarehe). Chini ya kifungu cha 40 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, naomba mfute:
>
> 1. Picha za kitambulisho na selfi zilizo kwa kampuni ya uthibitisho, kikao (namba).
> 2. Kiolezo chochote cha uso kilichotengenezwa kwenye kikao hicho. Hamkukitaja kwenye orodha. Thibitisheni kwamba hakipo au kwamba kimefutwa.
> 3. Maandishi yaliyosomwa kwenye kitambulisho, ikiwemo namba yake.
> 4. Kiambatisho cha tarehe 5 Machi kwenye mazungumzo ya huduma kwa wateja.
>
> Waarifuni wote mliowapa data hii kwamba nimeomba ifutwe, na mniambie walichojibu. Naondoa pia ridhaa yoyote niliyotoa ya kuchakata picha ya uso wangu.
>
> Mkiwa mnabakiza chochote, taja ni kipi, kwa sheria gani na kifungu gani, na mpaka tarehe gani. Kitakachobaki kisitumike kwa kazi nyingine yoyote.
>
> Nijibuni kwa maandishi, mkitaja tarehe ya kufuta kwa kila kimoja. Msiifunge akaunti yangu kabla ya jibu hilo.

Unaweza kuomba wabakize neno moja tu: kwamba ulithibitishwa, na tarehe. Hilo halina uso wala namba, na kama bado unataka kutumia huduma linawatosha wasikuombe kitambulisho tena. Kampuni hukubali haraka zaidi zikiona hutaki kufuta historia nzima.

Kama kampuni ya uthibitisho ina ukurasa wake wa maombi ya faragha, itumie nakala. Huenda ikakurudisha kwa kampuni uliyojisajilia ikisema yenyewe ni mchakataji tu, yaani inafanya kazi kwa niaba ya kampuni hiyo. Hilo ni jibu halali. Lihifadhi, kwa sababu limeandikwa humo nani hasa anayebeba jukumu.

Majibu utakayopata

*"Tumefunga akaunti yako."* Hawajajibu ulichouliza. Warudishie orodha yako ya namba 1 hadi 4 na uombe jibu kwa kila moja.

*"Data imefanywa isiyotambulika."* Kiasi cha malipo kinaweza kukatwa jina kikabaki tarakimu tupu. Uso hauwezi. Picha ya uso wako bila jina lako bado ni wewe. Waulize kama picha na kiolezo vimefutwa, ndiyo au hapana.

*"Tunabakiza kama sheria inavyotaka."* Sheria gani? Mwenye sababu ya kweli hujibu swali hili kwa mstari mmoja. Na hata pale data inapobakizwa kwa ajili ya ushahidi, kifungu cha 40 kinataka badala ya kuifuta waizuie isitumike, na wakuambie.

*"Imefutwa, ila iko kwenye nakala rudufu."* Hili linaweza kuwa kweli. Nakala rudufu za mfumo mzima hazifutwi faili mojamoja. Husubiriwa zizeeke ziandikwe upya. Uliza mzunguko wao ni wa siku ngapi, na kama mfumo ukirejeshwa kutoka kwenye nakala hiyo wana namna ya kufuta tena. Kampuni iliyojipanga huijua siku yake. "Muda kiasi" si jibu.

*"Tutumie kitambulisho tuthibitishe ni wewe."* Kataa kwa adabu. Wadhibiti wa ulinzi wa data wa Ireland wamekwisha kuliamua jambo hili: Desemba 2020 dhidi ya Groupon na Septemba 2022 dhidi ya Airbnb, waliona kwamba kudai kitambulisho ili mtu afutiwe data, wakati kulikuwa na njia nyepesi za kumtambua, ni kukusanya kupita kiasi. Waambie: nimewaandikia kwa barua pepe ya akaunti, na niko tayari kuthibitisha kutoka ndani ya akaunti au kwa msimbo mtakaonitumia kwenye simu. Wakishikilia kabisa na huna njia, ziba picha ya uso, namba na saini, acha jina tu, na uandike juu ya picha yenyewe kwa herufi kubwa: KWA OMBI LA KUFUTA DATA TU, jina la kampuni na tarehe.

Ukipata uthibitisho wa maandishi, subiri siku zile za nakala rudufu zipite, kisha utume barua ya kwanza tena, neno kwa neno. Safari hii jibu sahihi ni kwamba hawana kitu. Huwezi kuona seva zao, na hiki ndicho kipimo kikali kuliko vyote ulivyo navyo. Julai 2025 programu ya Marekani iitwayo Tea ilivuja picha zipatazo 72,000, na karibu 13,000 kati yake zilikuwa selfi na vitambulisho vya kuthibitisha watumiaji. Zilikuwa kwenye hifadhi ya zamani ambayo kampuni ilikuwa imeiacha nyuma, ilhali watumiaji walikuwa wameambiwa picha za uthibitisho hufutwa. Ukiwa na barua yenye tarehe inayosema "tumefuta", siku kama hiyo una ushahidi wa kampuni kusema uongo au kuzembea. Ukiwa huna, una manung'uniko.

Baada ya jibu la mwisho, sasa funga akaunti.

Nakala zako mwenyewe, na za saiba

Kazi hii ni ya dakika chache na watu huiruka. Angalia picha za simu, kisha kapu la taka lake: iPhone huweka zilizofutwa kwa siku 30, na Google Photos huweka zile zilizohifadhiwa mtandaoni kwa siku 60. Angalia Sent ya barua pepe. Angalia WhatsApp, hasa kama ulijitumia mwenyewe picha ili uifungue kwenye kompyuta.

Kisha saiba. Watu wengi Kenya huskani kitambulisho kwenye saiba ya mtaani, na faili hubaki kwenye Downloads, Documents au folda ya skana, likiwa na jina lako au jina kama scan0014. Ukitumia WhatsApp ya mwenye saiba, picha iko kwenye simu yake pia. Rudi umwombe aifute mbele yako, pamoja na Recycle Bin. Hawa huelewa upesi kuliko kampuni kubwa, na hapahitajiki barua.

Wakikaa kimya

Siku 14 zikipita bila jibu, tuma kumbusho moja fupi lenye tarehe ya ombi la kwanza na useme siku 7 zaidi zikipita bila jibu utalalamika. Kisha lalamika kweli. Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data hupokea malalamiko kwa mtandao kupitia odpc.go.ke, bila wakili. Sheria inataka lalamiko lichunguzwe na kuamuliwa ndani ya siku 90. Ofisi inaweza kutoa amri ya utekelezaji na faini ya hadi shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, kiasi kilicho kidogo. Na aliyepata madhara anaweza kudai fidia.

Ambatisha barua zako mbili, majibu yao, kumbusho, barua pepe ya uthibitisho na picha ya skrini ya sera. Eleza kwa sentensi tatu: niliomba nini, lini, na hawakufanya nini. Usiandike kisa cha maisha yako, na usiambatishe kitambulisho kisichozibwa isipokuwa ofisi yenyewe imekiomba.

Kampuni kutokuwa na ofisi Nairobi si kinga kisheria, kwa kuwa sheria inawahusu pia walio nje wanaochakata data ya watu walioko Kenya. Kiutendaji ni ngumu zaidi: amri inatoka, lakini mkono wa kuitekeleza ni mfupi. Palipo na uwepo wa aina fulani nchini mambo hubadilika. Worldcoin, iliyokuwa ikipiga picha mboni na nyuso za Wakenya, ilisimamishwa Agosti 2023, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data ya kibayometriki iliyokusanywa ifutwe ndani ya siku 7 chini ya usimamizi wa Kamishna. Kama aliyeshika picha yako yuko Ulaya, kama ilivyo kwa kijana wetu, lalamiko la pili kwa mdhibiti wa nchi hiyo halina gharama, na kampuni ya huko humsikia mdhibiti wake haraka zaidi.

Msomaji wa Tanzania atumie barua hizihizi akibadilisha sheria: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inampa mhusika haki ya kuomba taarifa zake zirekebishwe, zizuiwe, zifutwe au ziharibiwe, na malalamiko yanakwenda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Andika "taarifa binafsi" badala ya "data", maana ndilo neno la sheria yao.

Zile ambazo haziwezi kufutwa leo

Kama ulikuwa upande wa benki na mikopo na wamekutajia kifungu sahihi, bado kuna matatu ya kuwaomba. Wafute kiolezo cha uso na video, wabakize picha ya kitambulisho pekee. Waitoe picha hiyo kwenye mfumo wa kila siku ambao kila mhudumu anaweza kuifungua, waiweke kwenye hifadhi isiyofikiwa ila kwa sababu ya kisheria. Na wakupe tarehe.

Tarehe hiyo ihesabu mwenyewe. Mkopo uliolipwa wote na akaunti kufungwa tarehe 14 Machi 2024 unatimiza miaka 7 tarehe 14 Machi 2031. Baadhi ya kampuni huhesabu kuanzia siku uliyojibiwa barua, au huanza upya kila unapoingia kwenye programu. Ndiyo sababu akaunti ya mkopo uliyomaliza ifungwe rasmi, upewe barua ya kufungwa yenye tarehe. Weka tarehe ya mwisho kwenye kalenda ya simu pamoja na namba ya akaunti na anwani ya faragha. Siku hiyo ikifika, tuma barua ya pili kama ilivyo, ukitaja kwamba muda wao wenyewe umekwisha.